Faida ya Mwenye Hisa na Uzito wa Deni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Tarime na Serengeti, nayo yachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Tumetakiwa kusema juu ya namna ya kupima kama kampuni yatumia vema fedha za wenye hisa wake pamoja na fedha ilizokopa. Wengi wetu kazi yetu ni kushika vitabu vya hesabu, na mizania si mgeni machoni petu. Lakini kuijumlisha mizania ni jambo moja, na kuisoma ni jambo jingine. Tena sisi wa wilaya hizi mbili tunayo sababu ya kujua kuisoma. Kaskazini ya Mto Mara, huko Nyamongo, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002. Tangu mapatano yaliyotiwa saini Januari 2020 kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, Serikali inashika asilimia 16 ya hisa za mgodi huo, na Barrick asilimia 84. Basi mwananchi wa Tarime na mwananchi wa Serengeti, ijapokuwa hana hati ya hisa sandukuni, ni mwenye hisa kwa mkono wa Serikali yake. Yampasa mwenye hisa kujua mali yake yaendaje.

Vipimo tutakavyosema ni viwili. Cha kwanza ni faida juu ya mtaji wa wenye hisa. Twaichukua faida ya mwaka, baada ya kutoa riba na kodi, twaigawanya kwa mtaji wa wenye hisa, kisha twazidisha kwa mia. Mtaji huo si zile fedha walizotoa siku ya kwanza tu. Ni fedha hizo pamoja na faida zote za nyuma ambazo hazikugawanywa, baada ya kutoa hasara. Kwa ufupi, ni mali yote ya kampuni ikitolewa madeni yote. Cha pili ni uwiano wa deni na mtaji: twalichukua deni, twaligawanya kwa mtaji ule ule wa wenye hisa. Ikiwa deni ni shilingi milioni 70 na mtaji ni milioni 30, uwiano ni 7 kwa 3, yaani kwa kila shilingi moja ya wenye hisa zipo shilingi mbili na senti 33 za watu wengine.

Neno letu la leo ni hili: kipimo cha kwanza kisisomwe kamwe pasipo cha pili. Atakayesoma faida peke yake aweza kuiona kampuni iliyo hatarini akadhani ni hodari, na aweza kuona faida ikipanda hali fungu lake yeye linashuka. Hilo la pili huenda likawashangaza baadhi yenu, nasi tutalionyesha kwa tarakimu.

Tuanze na mfano mdogo wa kubuni. Tuseme katika mji wa Mugumu zipo kampuni mbili za kusaga nafaka. Kila moja ina mashine, jengo na gari, vyote vya thamani ya shilingi milioni 100, na kila moja kwa mwaka hubakiwa na milioni 20 baada ya kulipa mishahara, umeme na matengenezo, lakini kabla ya riba na kodi. Wasagaji ni wale wale, na mahindi ni yale yale. Tofauti ni moja tu. Kampuni ya kwanza ilinunua kila kitu kwa fedha za wenye hisa. Ya pili ilitoa milioni 30 za wenye hisa, ikakopa milioni 70 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka.

Kampuni ya kwanza haina riba ya kulipa. Katika milioni 20 yatoa kodi ya asilimia 30, yaani milioni 6, na kubakiwa na milioni 14. Juu ya mtaji wa milioni 100, hiyo ni asilimia 14. Kampuni ya pili yalipa kwanza riba ya milioni 10 na nusu. Zabaki milioni 9 na nusu. Kodi yake ni milioni 2.85, na faida safi ni milioni 6.65. Juu ya mtaji wa milioni 30, hiyo ni asilimia 22. Mtu asiyetazama deni atasema kwamba wakubwa wa kampuni ya pili ni hodari kuliko wenzao. Kumbe mashine zinasaga sawasawa. Kilichoongezeka si uhodari, ni deni.

Sasa mvua ikatae mwaka mmoja, mahindi yawe haba, na kampuni zote mbili zipate milioni 5 tu kabla ya riba na kodi. Ya kwanza yatoa kodi milioni 1 na nusu, yabakiwa na milioni 3 na nusu, yaani asilimia 3 na nusu. Ni faida ndogo, lakini ni faida. Ya pili yadaiwa riba ile ile ya milioni 10 na nusu, maana mkopeshaji hajali mvua. Yapata hasara ya milioni 5 na nusu. Hasara hiyo haimpati mkopeshaji. Yote huangukia mtaji wa wenye hisa, nao washuka kutoka milioni 30 hadi milioni 24 na nusu. Juu ya mtaji ule wa mwanzo ni hasara ya asilimia 18. Deni nalo halikupungua, kwa hiyo uwiano uliokuwa 2.33 wawa 2.86, ingawa hakuna aliyekopa hata shilingi moja zaidi. Ndivyo deni lilivyo: mwaka mbaya humfanya mwenye deni aonekane amekopa zaidi.

Mpaka kati ya deni lenye manufaa na deni lenye madhara uko wapi? Uko pale ambapo mali yote ya kampuni yazaa, kabla ya riba na kodi, kiasi kilicho sawa na kiwango cha riba. Katika mfano wetu ni asilimia 15. Kampuni zote mbili zikipata milioni 15, ya kwanza hubakiwa na milioni 10 na nusu juu ya milioni 100. Ya pili hubakiwa na milioni 3.15 juu ya milioni 30. Kila moja ni asilimia 10 na nusu barabara. Juu ya mpaka huo deni humwinua mwenye hisa. Chini yake humzamisha. Kwa hiyo anayepewa hesabu za kampuni yenye deni na aulize kwanza: mali yote yazaa kwa mia ngapi, na riba ni kwa mia ngapi? Ikiwa namba hizo mbili zakaribiana, kampuni hiyo imesimama ukingoni.

Lipo jambo jingine ndani ya mfano huu, nalo huwapita hata watu wazoefu. Tuseme mwaka wa tatu mvua yarudi, na kampuni ya pili yapata tena milioni zake 20. Tukiacha kando nafuu ya kodi ambayo sheria huwapa waliopata hasara, faida yake safi ni milioni 6.65 kama mwanzo. Lakini sasa twaigawanya kwa mtaji wa milioni 24 na nusu, nayo yatoka asilimia 27. Mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 22. Je, kampuni imetengenea? La. Imekuwa maskini kwa milioni 5 na nusu, na deni limeizidi. Kipimo kimepanda kwa sababu kigawanyo kimepungua. Kila mtu aliyepita darasani ajua kwamba ukigawanya kwa namba ndogo zaidi, jibu huwa kubwa zaidi. Lakini wengi huisahau hesabu hiyo waonapo taarifa iliyopigwa chapa vizuri.

Tutoke Mugumu twende kwenye kampuni kubwa iliyokuwa na mgodi wa kwetu. Hadi mwaka 2019 mgodi wa North Mara, pamoja na ile ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa chini ya kampuni ya Acacia, iliyoandikishwa katika soko la hisa la London. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, ambayo yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara haikuguswa na katazo hilo, maana yenyewe hutoa vipande vya dhahabu visivyosafishwa, wala si makinikia. Julai mwaka huo ikadaiwa kodi, riba na faini za dola bilioni 190, dai ambalo kampuni ililikataa. Mwisho wa mwaka Acacia ilitangaza hasara ya dola milioni 707.

Mtu akisoma namba hiyo hudhani kwamba dola milioni 707 zilitoka sandukuni. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa ni kupunguza thamani ya migodi vitabuni, hasa Bulyanhulu, kwa kuwa haikutarajiwa tena kuzaa kama ilivyotarajiwa zamani. Fedha taslimu zilipungua kweli, kutoka dola milioni 318 mwishoni mwa 2016 hadi milioni 81 mwishoni mwa 2017, lakini huo ni upungufu wa milioni 237, si 707. Mwaka 2018 kampuni ilipata tena faida, dola milioni 59 hivi. Atakayeigawanya faida hiyo kwa mtaji uliokwisha kukatwa mwaka uliotangulia atapata jibu zuri kuliko lile ambalo angepata kama angeigawanya kwa mtaji wa zamani. Ni yale yale ya mashine za Mugumu. Kwa hiyo kila tuonapo faida juu ya mtaji imepanda ghafula, na tufungue ukurasa wa mtaji kwa miaka mitatu au minne ya nyuma. Ikiwa faida ndiyo iliyoongezeka, tufurahi. Ikiwa mtaji ndio uliopungua, tuulize ulikwenda wapi.

Tena yafaa tuone kilichoiokoa kampuni hiyo mwaka ule. Deni lake kwa mabenki lilikuwa dogo, hata fedha zake za mwisho wa mwaka zilizidi madeni hayo kidogo. Lau ingekuwa na uwiano kama ule wa kampuni yetu ya pili, riba ingeendelea kudaiwa wakati makinikia yamefungiwa bandarini. Wachimbaji wa dhahabu hawaamui bei ya dhahabu, wala hawajui sheria ya kesho; kwa sababu hiyo deni jembamba huwafaa. Benki ni kinyume chake: amana za wateja zote huhesabiwa kuwa deni lake, na uwiano ambao ungeua mgodi kwa benki ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mgodi ulinganishwe na mgodi, na benki na benki.

Sasa tufikie lile tuliloahidi, yaani faida kupanda hali fungu la mwenye hisa linashuka. Jambo hili hutokea hasa pale kampuni inapokopa, si kwa benki, bali kwa kampuni mama iliyo ng'ambo. Mama aweza kumpa mtoto fedha kwa njia mbili: kama mtaji, na kungoja gawio, au kama mkopo, na kupokea riba. Fedha ni zile zile na mfuko ni ule ule. Lakini riba hutolewa kabla ya kodi, na gawio hutolewa baada ya kodi. Tena katika hesabu za pamoja za mama na watoto, mkopo huo hufutwa, kwa kuwa mtu hawezi kujidai mwenyewe. Kwa hiyo uwiano wa kundi zima waweza kuonekana mwepesi, na uwiano wa mtoto peke yake ukawa mzito sana. Atakaye kuujua na aombe hesabu za kampuni iliyoandikishwa hapa nchini, si zile za kundi.

Tuchukue mgodi wa kubuni, wala tusiutaje kwa jina, maana ni mfano tu. Mali yake ni milioni 150, na hupata milioni 30 kwa mwaka kabla ya riba na kodi. Serikali ina asilimia 16 za hisa bila kutoa fedha. Kodi ya zuio tutaiacha kando, ili hesabu isitupotee.

Kwanza, mama atoe zote 150 kama mtaji. Hakuna riba. Kodi ni milioni 9, faida safi ni milioni 21, nayo ni asilimia 14 ya mtaji. Fungu la Serikali katika faida, kwa asilimia 16, ni milioni 3.36. Pamoja na kodi, Hazina yapata milioni 12.36.

Pili, mama atoe mtaji wa milioni 30, na zile 120 azikopeshe kwa riba ya asilimia 15. Riba ni milioni 18, yabaki milioni 12. Kodi ni milioni 3.6, faida safi ni milioni 8.4. Juu ya mtaji wa milioni 30, hiyo ni asilimia 28. Tazameni: faida juu ya mtaji imekuwa mara mbili kamili. Lakini fungu la Serikali sasa ni milioni 1.34, na pamoja na kodi Hazina yapata milioni 4.94. Mgodi ni ule ule, na dhahabu ni ile ile. Mwenye asilimia 84 hakupoteza, kwa sababu alichokosa kama gawio amekipokea kama riba. Mwenye asilimia 16, ambaye hakukopesha kitu, ndiye aliyepungukiwa. Kwake yeye ile asilimia 28 ni sifa tupu.

Bunge lililitazama jambo hili mwaka 2010. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Sheria ya Kodi ya Mapato ilirekebishwa: kampuni ambayo robo au zaidi ya umiliki wake umo mikononi mwa watu wasio wakazi wa nchi, au mwa wale waliosamehewa kodi, riba yake haitambuliwi yote ikiwa deni limepita 7 kwa 3 ya mtaji. Deni kwa benki iliyomo nchini halihesabiwi humo. Tuiweke sheria hiyo katika mgodi wetu wa kubuni. Mtaji ni 30, basi deni linaloruhusiwa ni 70, na riba yake ni milioni 10 na nusu. Riba ya zile 50 zilizozidi, yaani milioni 7 na nusu, italipwa kwa mama, lakini haitapunguza kodi. Mapato ya kutozwa yawa milioni 19 na nusu, na kodi yapanda kutoka 3.6 hadi milioni 5.85. Faida safi yashuka hadi milioni 6.15, na fungu la asilimia 16 hadi milioni 0.98. Hazina kwa jumla yapata milioni 6.83 badala ya 4.94.

Basi sheria yasaidia, walakini hairudishi yote. Yalinda kodi, hailindi gawio. Tena mipaka yake ni wazi: yasema juu ya ukubwa wa deni, haisemi mengi juu ya ukubwa wa riba. Mama akiongeza riba kutoka 15 hadi 20 kwa mia, uwiano wabaki 7 kwa 3 kama ulivyokuwa, hali faida yapungua. Jambo hilo la bei baina ya ndugu lina kanuni zake nyingine, nazo ni somo la siku nyingine.

Huenda mwanachama akauliza: halmashauri ya wilaya nayo yaguswa? Hapa ipo tofauti inayofaa kukumbukwa. Ushuru wa huduma ambao halmashauri hutoza, na mrabaha wa dhahabu ambao mwaka 2017 ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, havitokani na faida. Ushuru huhesabiwa kwa mauzo, na mrabaha kwa thamani ya dhahabu. Deni liwe 0 au liwe milioni 120, hivyo viwili havibadiliki. Lakini kodi ya mapato na gawio hutegemea kinachobaki baada ya riba. Gawio la kwanza la Twiga, kampuni ya ubia iliyoundwa kwa yale mapatano, lilitangazwa Oktoba 2020: dola milioni 250, na fungu la Serikali likawa dola milioni 40, ndiyo asilimia 16 kamili. Fungu kama hilo laweza kukua au kufifia pasipo gramu moja ya dhahabu kupungua, kwa kadiri ya deni lililowekwa mbele yake.

Mabwana na Mabibi, tukiletewa mizania ya kampuni yo yote, tufuate utaratibu huu. Tupate faida safi juu ya mtaji, tukitumia wastani wa mtaji wa mwanzo na wa mwisho wa mwaka. Kisha deni juu ya mtaji, tukiandika pembeni ni deni gani tulilohesabu, lile la riba tu au madeni yote, maana watu wawili huweza kupata majibu mawili wote wakiwa wakweli. Kisha tulinganishe zao la mali yote na kiwango cha riba. Kisha tuutazame mtaji kwa miaka ya nyuma kama umekua au umekatwa. Mwisho tuulize mkopeshaji ni nani. Akiwa ni benki, tuogope mwaka mbaya. Akiwa ni mama, tuulize pia ni nani ashikaye hisa bila kushika mkopo. Katika mgodi wa kwetu, huyo ni sisi.

Ubao ungalipo, na mwenye swali juu ya tarakimu yo yote na aje tuifanye pamoja.